Herufi ishirini na mbili za mkurugenzi: mazungumzo na mafundi wa mitandao, Mji Mkongwe

Asalaam aleikum, mafundi wenzangu, na ahsanteni kwa kuja baada ya kazi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mahandaki ya zamani ya mtandao, yaani VPN, na kwa nini tunaambiana tuyaache. Nitakaa zaidi kwenye moja, PPTP, kwa sababu ndilo ninaloendelea kulikuta kila nikifungua ruta ya watu, hapa Mjini, shamba, na zaidi kisiwani Pemba. Wengi wetu tunajua kwamba limechoka, lakini tukiulizwa limechoka wapi hasa tunajibu kwa jumla tu, "si salama". Mteja hakubali kulipia kazi kwa jibu kama hilo, na mimi simlaumu. Leo nataka tutoke hapa tukiweza kumuonesha mahali penyewe palipooza.

Nianze na ofisi moja ya biashara ya jumla. Ofisi iko Darajani, ghala liko Chake Chake. Kila jioni mtunza ghala huingiza magunia yaliyoingia na yaliyotoka kwenye programu ya hesabu, na programu hiyo inakaa kwenye seva ya Darajani. Kati ya ofisi na ghala kuna ruta mbili za MikroTik zilizounganishwa kwa PPTP. Mkurugenzi naye ana akaunti yake, huingia kwa laptopu akiwa hotelini au akisubiri boti bandarini. Waliniita kwa sababu nyengine kabisa: ghala lilikuwa likikatika kila baada ya muda. Nilipokaa kwenye ruta ya Darajani nikaandika amri moja, na ikanitolea hivi:

```
/ppp active print
NAME        SERVICE  ADDRESS    UPTIME   ENCODING
ghala       pptp     10.9.0.2   3h12m    MPPE128 stateless
mkurugenzi  pptp     10.9.0.3   22m4s
```

Tizameni safu ya mwisho. Mstari wa ghala una MPPE128, yaani pakiti zinasimbwa. Mstari wa mkurugenzi hauna kitu. Fundi aliyepita alimpangia wasifu wenye `use-encryption=no`, na laptopu yake upande wa pili iliwekwa "simba ikiwezekana", basi wakakubaliana wasisimbe. Kila alichopitisha kwenye handaki kutoka kwenye Wi-Fi ya hoteli kilipita bila handaki kukisimba, na kwenye skrini yake aliandikiwa kwamba ameunganishwa. Hili ni la kwanza ninaloomba mkalitizame kwa wateja wenu, kwa sababu halihitaji hesabu yoyote. Safu ya ENCODING ikiwa tupu, hapana siri.

Nikamwambia mkurugenzi. Akafikiri, akaniambia, "Basi nirekebishie hilo la kusimba, mwanangu, ila paswedi usiiguse. Ina herufi ishirini na mbili, na hapana mtu wa kuibahatisha." Alisema kweli kuhusu paswedi yake, nzuri hata mimi ningejivunia. Lakini kwenye PPTP urefu wa paswedi haumkingi, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

PPTP lilikuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996, na maelezo yake yakachapishwa kama RFC 2637 mwaka 1999. Handaki lenyewe ni bomba tu. Poti ya TCP 1723 inapanga mazungumzo, na GRE, itifaki namba 47, inabeba pakiti. Anayethibitisha kwamba wewe ni wewe ni mtu mwengine ndani yake, MS-CHAPv2, na anayesimba ni wa tatu, MPPE. Ubovu mkubwa uko kwa MS-CHAPv2, na wa tatu anarithi kutoka kwake.

MS-CHAPv2 hufanya kazi kwa swali na jibu, ili paswedi isisafiri waziwazi. Seva hutuma namba ya kubahatisha ya baiti 16. Laptopu nayo hutengeneza ya kwake ya baiti 16. Namba hizo mbili pamoja na jina la mtumiaji hupitishwa kwenye SHA-1, na baiti 8 za mwanzo za matokeo ndizo swali lenyewe. Namba zote mbili na jina hupita waziwazi kwenye waya, kwa hivyo anayesikiliza anaweza kulihesabu swali hilo hilo. Mpaka hapo hapana kosa, swali si siri.

Siri ni paswedi. Laptopu huipitisha paswedi kwenye MD4 na kupata baiti 16, zile tunazoziita heshi ya NT. Sasa heshi hiyo itumike kulisimba swali kwa DES. Ufunguo wa DES ni baiti 7, nasi tuna 16 mkononi, na 16 haigawiki kwa 7. Waliotengeneza wakakata vipande: baiti 7 za kwanza ufunguo wa kwanza, 7 zinazofuata ufunguo wa pili, zikabaki 2. Hizo mbili wakaziongezea sifuri tano zifike saba, ukawa ufunguo wa tatu. Kila ufunguo husimba swali lile lile la baiti 8, majibu matatu huunganishwa yakawa baiti 24, na hilo ndilo jibu linalorudi kwa seva. Nalo hupita waziwazi.

Mwenye kusikiliza ana swali, na ana jibu. Aanze na ufunguo wa tatu, ambao ndani yake kuna baiti mbili tu zisizojulikana. Baiti mbili zina namna 65,536 za kupangika. Kompyuta yoyote mliyokuja nayo leo inazijaribu zote kabla hujamaliza kutamka namba hiyo. Tayari ana baiti mbili za mwisho za heshi.

Zimebaki funguo mbili kamili. Mtu angedhani kwamba ugumu wake unazidishana, ukafika mbali asikofika mtu. Lakini haufiki, kwa sababu funguo zote mbili zimesimba swali moja. Anachofanya ni kuchukua ufunguo mmoja wa kujaribu, kulisimba swali, halafu kulinganisha matokeo na kipande cha kwanza cha jibu na pia na kipande cha pili. Jaribio moja linapima makufuli mawili. Akipita mara moja tu kwenye funguo zote zinazowezekana za DES, zimefunguka zote mbili. Idadi ya funguo hizo ni mbili kwa kipeo cha 56, yaani 72,057,594,037,927,936. Ni namba ndefu kuisoma, lakini ina mwisho, na mashine zilishaufikia zamani. Mwaka 1998 shirika la EFF la Marekani lilitengeneza mashine iliyopata ufunguo wa DES kwa saa 56. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa DEF CON, Moxie Marlinspike na David Hulton walionesha hesabu hii niliyowasimulia, pamoja na mashine iliyomaliza kazi yote kwa muda usiozidi siku moja. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Microsoft wenyewe walitoa tahadhari kwa wateja wao.

Sasa rudini kwenye hesabu hiyo mnitafutie wapi urefu wa paswedi umeingia. Haumo. Mshambuliaji hatafuti paswedi, anatafuta heshi, na heshi ina baiti 16 hata paswedi ikiwa na herufi nne au mia. Herufi ishirini na mbili za mkurugenzi wangu zilikuwa zinalinda kitu ambacho hapana aliyekuwa akikitafuta.

Kuna anayejiuliza, akishaipata heshi bila paswedi itamfaa nini? Kwenye itifaki hii itamfaa kwa kila kitu. Seva haimuulizi mtu paswedi, inamuuliza jibu, na jibu hutengenezwa kwa heshi. Mwenye heshi anaingia kama mkurugenzi na seva haioni tofauti. Halafu MPPE hutengeneza funguo zake za kusimba kutokana na heshi hiyo hiyo pamoja na jibu lile la baiti 24. Kwa hivyo aliyerekodi mazungumzo ya mwezi uliopita, akayahifadhi bila kuyaelewa, akiipata heshi leo anayafungua yote yaliyopita wakati paswedi ilikuwa hiyo. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana hata tukizima PPTP kesho asubuhi, yaliyokwisha kurekodiwa hatuyarudishi.

Na kama paswedi ni dhaifu hahitaji hata mashine ya siku nzima. Zile baiti mbili za mwisho alizozipata bure zinamsaidia kuchuja. Anachukua orodha ya maneno yanayopendwa na watu, anahesabu heshi ya kila moja, na kwa wastani neno moja tu kati ya 65,536 litakuwa na mwisho unaolingana. Hayo machache ndiyo anayoyapima kwa ukamilifu. Paswedi kama `pemba2020` haimalizi dakika.

Kuhusu MPPE yenyewe sitakawia. Inatumia RC4, ambayo mwaka 2015 ilipigwa marufuku kwenye TLS. La kuongeza ni kwamba haina alama ya kuthibitisha kwamba pakiti haikuguswa njiani. Mtu katikati anaweza kugeuza biti ndani ya pakiti iliyosimbwa bila kuifungua, na anayepokea ataipokea.

Watengenezaji wameshaondoka, tumebaki sisi. Apple waliiondoa PPTP kwenye iOS 10 na macOS Sierra mwaka 2016. Android kuanzia toleo la 12 haikuruhusu tena kuongeza PPTP mpya kwenye mipangilio yake. Microsoft walitangaza Oktoba 2024 kwamba PPTP na L2TP zinaelekea kuondolewa kwenye Windows Server. Mteja akikwambia simu yake mpya haina PPTP, usimtafutie programu ya pembeni ya kuirudisha. Hiyo ndiyo siku ya kumhamisha.

Mniruhusu maneno machache juu ya jamaa zake, kwa sababu nimeona wengi wakitoka PPTP na kuhamia nyumba ya jirani. L2TP peke yake haisimbi chochote, ni bomba tupu, na kwenye ruta nyingi unaweza kuiwasha bila IPsec na ikafanya kazi vizuri tu. Ikiwa na IPsec iliyopangwa vyema inasimama, lakini kwetu mara nyingi hupangwa kwa neno moja la siri linalotumiwa na wafanyakazi wote, wakiwemo waliokwisha kuacha kazi. Yeyote mwenye neno hilo anaweza kujifanya ndiye seva, na ndani yake MS-CHAPv2 ni yule yule. Tena hutumia IKEv1, ambayo IETF ilishaistaafisha rasmi mwaka 2023. SSTP nayo hupita ndani ya TLS kwenye poti 443, na ni nzuri kama laptopu inakagua cheti cha seva. Kati ya MikroTik mbili inawezekana kuiwasha bila cheti kabisa. Ikiwa hivyo, mtu katikati hana wa kumzuia.

Tuhamie wapi, basi? Kwa ofisi na matawi yake, na kwa watu wenye simu na laptopu, mimi siku hizi naweka WireGuard. Iliingia kwenye kernel ya Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, na MikroTik wameiweka kwenye RouterOS 7. Kila upande una jozi ya funguo, wa siri haumtoki mwenyewe, wa wazi anampa mwenzake. Hapana paswedi ya kubahatisha, wala orodha ya namna za kusimba ambapo fundi anaweza kuchagua iliyo mbovu: imepangwa moja tu, Curve25519 kwa kubadilishana funguo na ChaCha20-Poly1305 kwa kusimba na kuthibitisha kwamba pakiti haijaguswa. Na funguo za kikao hubadilishwa kila baada ya dakika mbili hivi. Aliyerekodi mazungumzo ya leo, akija kuiba ufunguo wa ruta mwakani, hayafungui. Ndicho hasa PPTP ilichokosa.

Sasa kazi ya Darajani na Chake Chake ilivyokwenda. Jambo la kwanza ruta zote mbili zilikuwa RouterOS 6, na WireGuard haimo humo. Kusasisha ruta iliyo ng'ambo ya bahari kwa kupitia handaki unalotaka kulibadilisha ni kujitafutia safari ya Mkoani. Nilimuomba mtunza ghala awepo, mama mmoja mtaratibu sana, nikamwambia, "Bi mkubwa, nikikupigia unizimie kisanduku cheupe uhesabu mpaka kumi kisha uwashe." Nikahifadhi nakala ya mipangilio ya pande zote kwa `/system backup save`, nikaitoa nakala ikakaa kwenye laptopu yangu, ndipo nikasasisha. Ya Chake Chake ilirudi baada ya dakika chache, hakuhitaji kuzima.

Darajani wana anwani ya wazi ya intaneti. Chake Chake wanatumia laini ya simu, na kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hivyo lazima Chake Chake ndiyo ipige hodi, na Darajani isikilize. Hapo hapo nikaelewa kwa nini ghala lilikuwa likikatika. GRE haina poti, na kifaa cha kampuni kinachotafsiri anwani kinapata tabu kujua pakiti ya GRE ni ya mteja gani kati ya wengi. Ishara yake mnaijua: inakwama kwenye "kuhakiki jina na paswedi" halafu inakata, ingawa paswedi ni sahihi. WireGuard hutumia UDP moja tu, basi tabu hiyo ikaondoka. Mteja aliniita kwa ajili ya kukatika, na kukatika ndiko kulikomshawishi kulipa.

Upande wa Darajani niliandika hivi. Mtandao wa ghala ni `192.168.20.0/24`, na ufunguo unaouona ni wa wazi wa Chake Chake:

```
/interface wireguard add name=wg-pemba listen-port=13231
/ip address add address=10.20.0.1/30 interface=wg-pemba
/interface wireguard peers add interface=wg-pemba \
  public-key="UFUNGUO_WA_CHAKE" \
  allowed-address=10.20.0.2/32,192.168.20.0/24
/ip route add dst-address=192.168.20.0/24 gateway=wg-pemba
```

Halafu kwenye fayawoli nikaruhusu UDP 13231 iingie, na kanuni hiyo nikaipandisha juu ya ile inayokataa kila kitu. Wengi hukwama hapo. Upande wa Chake Chake ni hayo hayo kwa kugeuza, na kwa mwenzake unaongeza `endpoint-address` na `endpoint-port` za Darajani, pamoja na `persistent-keepalive=25s`. Hiyo ya mwisho humfanya apige hodi kila sekunde 25 hata kama hana la kusema, ili kampuni ya simu isisahau njia ya kumrudishia pakiti.

Nisisitize `allowed-address`, kwa sababu kazi yake ni mbili. Inasema pakiti za kwenda wapi zipelekwe kwa mwenzako huyu, na inasema pia ni anwani zipi anaruhusiwa kujitambulisha nazo. Ukisahau mtandao wa ghala hapo, handaki litasimama, pingi ya 10.20.0.2 itajibu, na programu ya hesabu haitafunguka. Nimewaona watu wakipoteza mchana kwa hilo, wakiitafuta kwenye programu.

WireGuard ni kimya. Asiyemjua hamjibu hata kumwambia hapana. Kwa usalama ni jambo zuri, anayepekua poti haoni kitu, lakini kwa fundi inachosha, kwa sababu ufunguo ukikosewa herufi moja hupati ujumbe wa kosa. Unachokitizama ni hiki:

```
/interface wireguard peers print detail
```

Humo kuna `last-handshake`, muda uliopita tangu walipopeana mikono. Kama kuna mazungumzo, namba hiyo haitakiwi kuzidi dakika mbili, tatu. Ikiwa haipo kabisa, tizama `tx` na `rx`. `tx` inapanda na `rx` ni sifuri, maana yake unapiga hodi na hapana anayeitikia: ama fayawoli ya mwenzako, ama ufunguo, ama anwani. Kwangu ilikuwa ufunguo. Nilikosea herufi moja nilipounakili.

Tuliyaacha mahandaki mawili yakaenda pamoja wiki moja. Programu ya hesabu ikapita kwenye jipya, la zamani likabaki wazi kama njia ya kurudi. Na hapo likatokea jambo ambalo nataka mlichukue mwende nalo nyumbani, maana kwetu litawapata. Umeme ulikatika Chake Chake usiku. Asubuhi ruta imewaka, laini ya simu ipo, intaneti ipo, handaki halisimami. `tx` inapanda, `rx` sifuri. Hapana mtu aliyegusa funguo.

Ilikuwa saa. Kila anayepiga hodi kwenye WireGuard huweka ndani ya hodi yake muda wa sasa, na anayepokea hukumbuka muda wa mwisho aliouona kwa mwenzake huyo. Hodi yenye muda wa nyuma hukataliwa, ili mtu asirekodi hodi ya jana akaja kuipiga tena leo. Ni kinga nzuri. Lakini ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa, na umeme ukikatika saa yao hurudi nyuma. Chake Chake ilikuwa inapiga hodi kwa tarehe ya zamani, na Darajani ikaona ni mwizi anarudia maneno. Ingejirekebisha mara moja kama ingepata saa sahihi, lakini ilipangwa kuchukua saa kutoka kwenye seva ya Darajani, kwa kupitia handaki lile lile. Saa inasubiri handaki, handaki linasubiri saa. Nikaielekeza ichukue saa moja kwa moja kwenye intaneti, nje ya handaki:

```
/system ntp client set enabled=yes servers=pool.ntp.org
```

Tangu hapo umeme ukirudi handaki hurudi lenyewe.

Mkurugenzi nilimpa ufunguo wake kwenye laptopu na mwengine kwenye simu, kila kifaa na wake. Hili ni lazima, kwa sababu hapana paswedi ya kumzuia aliyeokota simu. Simu ikipotea unafuta mstari wake mmoja kwenye ruta na laptopu haiguswi. Kama ofisi yako ina watu mia wanaoingia kwa majina yao na unataka kuwaondoa kutoka sehemu moja, WireGuard tupu itakuchosha. Hapo tizama IKEv2 yenye vyeti, ambayo Windows na simu za Apple wanayo tayari. Na hoteli nyengine huzuia UDP yote, WireGuard haipiti. Kwa safari za namna hiyo weka OpenVPN kwenye TCP 443 kama njia ya akiba. Itakwenda polepole zaidi, ila itapita. Msisahau pia tangazo la TCRA la Oktoba 2023 la kusajili matumizi ya VPN. Handaki la ofisi ni VPN, mkumbusheni mteja.

Ikabaki kuifunga PPTP, na hapa mpangilio wa hatua ndio muhimu. Nimeona mafundi wakianza kwa kubadilisha paswedi za watu wote siku ya kwanza, halafu PPTP inaendelea wiki mbili zaidi. Paswedi mpya inapita kwenye mlango ule ule na heshi yake inavuja upya. Kwanza zima:

```
/interface pptp-server server set enabled=no
/ppp secret remove [find service=pptp]
```

Kisha ondoa kanuni za fayawoli zinazoruhusu TCP 1723 na GRE, na uzime PPTP upande wa mteja kwenye ruta ya tawi, la sivyo itakuwa inapiga hodi mchana na usiku kwenye mlango uliofungwa. Kisha toka nje ya ofisi, ukae kwenye intaneti ya simu yako, ujaribu:

```
nmap -Pn -p 1723 ANWANI_YA_OFISI
```

Ikisema `filtered` au `closed`, sawa. Ikisema `open`, kuna kifaa chengine nyuma kinachosikiliza. Kwa ofisi hii ilisema `open`. Tulikwenda kutafuta tukakuta kompyuta ya zamani ya Windows chini ya meza ya mhasibu, na kanuni ya kuelekeza poti iliyosahauliwa miaka mingi.

Baada ya hapo ndipo ubadilishe paswedi, na si za PPTP tu, maana hizo zimeshafutwa. Muulize kila mtu kama paswedi hiyo aliitumia pahala pengine: barua pepe, programu ya hesabu, kuingia kwenye Windows. Kwa Windows hata kuuliza hakuhitajiki, kama PPTP ilikuwa inatumia akaunti za Windows basi heshi iliyovuja ndiyo heshi ya kuingilia. Mkurugenzi wangu alinyamaza kidogo nilipomuuliza. Zile herufi ishirini na mbili alikuwa amezitumia kwenye barua pepe na kwenye programu ya hesabu pia, kwa sababu alijua ni nzuri. Tulikaa naye mpaka Magharibi tukibadilisha moja moja.